Jua Linaloanguka Katikati ya Mistari

Sehemu nyingi za Tanzania mahindi bado hupandwa kwa hatua. Mmoja anatangulia na jembe, anachimba shimo, anapiga hatua, anachimba jingine. Nyuma yake anakuja mwenzake anayedondosha mbegu tatu au nne na kuzifukia kwa unyayo. Ukija na futi utakuta mashimo yameachana karibu mita moja, na mistari sentimita 90 au zaidi. Shamba hilo likiota huwa linapendeza, na hata likifika kimo cha mtu mpita njia atalisifu. Lakini ingia katikati yake wiki ya tisa baada ya kupanda, saa sita mchana, halafu uache kuangalia mahindi na uangalie chini. Utaona udongo mwingi uliopigwa na jua, na mahali pasipo na udongo mtupu pana majani.

Mwanga unaoshuka shambani una njia tatu tu, ukiacha ule kidogo unaorudishwa angani. Ukipiga jani la hindi, jani hulitumia kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ukaa, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa bua, gunzi na punje. Ukipiga udongo, unaupasha joto na kukausha unyevu wa juu. Ukipiga gugu, gugu nalo linajitengenezea sukari yake na kuteremsha mizizi pale pale ulipoweka mbolea. Mavuno na idadi ya palizi, mambo mawili ambayo wakulima huyazungumza kama hayahusiani, yote yanaanzia katika mgawanyo huo.

Mtu aliyetupa namna ya kuupima ni Mwingereza D. J. Watson, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted. Mwaka 1947 alichapisha kazi iliyolinganisha mazao mbalimbali ya shambani, akitaka kujua kwa nini zao moja linazaa kuliko jingine, na kwa nini mwaka huu unazidi ule. Mtu angetegemea jibu liwe katika ubora wa jani: kwamba jani la zao hili linafanya kazi kwa bidii kuliko la zao lile. Watson aliona kwamba tofauti kubwa ilitokana na wingi wa majani na muda yanaokaa kijani. Akapendekeza hesabu nyepesi: chukua eneo la majani yote yaliyo juu ya kipande cha ardhi, upande mmoja tu wa kila jani, uligawe kwa eneo la ardhi hiyo. Hesabu hiyo ndiyo fahirisi ya eneo la majani. Fahirisi ikiwa 1, maana yake juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi kuna mita moja ya mraba ya majani. Ikiwa 3, ni mita tatu.

Kwa mahindi kazi hii haihitaji maabara. Jani la hindi ni refu na linachongoka, kwa hiyo eneo lake ni urefu mara upana wa mahali palipo pana zaidi, mara 0.75. Jani lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 9 lina sentimita za mraba 540. Mmea uliotoa mbelewele, wenye majani mabichi 12 yanayokaribia wastani wa sentimita za mraba 500, una jumla ya 6,000, yaani 0.6 ya mita ya mraba. Zipo mbegu za nyanda za juu zenye majani makubwa zaidi ya hayo, na zipo fupi za muda mfupi zenye machache, lakini tuuchukue mmea huu tutembee nao.

Ukipanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mche mmoja kila shimo, kama mabwana shamba wanavyoshauri mara nyingi, unapata mimea 44,000 hivi kwa hekta, karibu 18,000 kwa ekari. Hiyo ni mimea minne na nusu kasoro kidogo kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 0.6, fahirisi yako ni 2.7. Sasa rudi kwenye lile shamba la hatua: mita moja kwa sentimita 90, na baada ya ndege, panya na ukame wa mwanzo, katika kila shimo inabaki miche miwili. Hapo una mimea 22,000 kwa hekta, na fahirisi ya 1.3.

Mtu anaweza kusema 1.3 inatosha, kwa kuwa tayari majani yamezidi eneo la ardhi. Ingekuwa hivyo kama majani yangetandazwa chini moja kando ya jingine, kama vigae. Kumbe mengine yanafunikana, na mengi yamesimama mshazari hivi kwamba mwanga wa saa sita unayapitia pembeni. Wajapani Monsi na Saeki waliieleza hali hii mwaka 1953 baada ya kupima mwanga ndani ya mimea, kuanzia juu kwenda chini. Waligundua kwamba kila tabaka la majani huchukua sehemu ile ile ya mwanga uliolifikia, wala si kiasi kile kile. Ni kama sinia la pilau linalopitishwa safu kwa safu, na kila safu ikajichotea nusu ya kilichobaki: safu ya kwanza inashiba, ya tano inaramba kingo.

Kwa mahindi, tabaka moja kamili la majani huchukua takriban 45 kati ya kila 100 za mwanga na kuachia 55. La pili linachukua sehemu yake katika hizo 55, zinabaki 30. Baada ya la tatu zinabaki 16 au 17, baada ya la nne 9, na baada ya la tano 5. Watafiti wengi huhesabu kwamba shamba limefunga pale majani yanapochukua 95 kati ya 100. Kwa mahindi hiyo ni fahirisi ya 5 hivi. Maharage hufika mapema zaidi, kwa sababu jani lake hulala bapa kulielekea jua na tabaka moja huchukua kama 55. Fahirisi isiyofika 4 inatosha kulifanya shamba la maharage lifunge.

Weka mashamba yetu mawili kwenye hesabu hiyo. Lenye fahirisi ya 2.7 linakamata 80 kati ya 100 za mwanga wakati wa kutoa mbelewele. Lile la hatua linakamata 55. Zingatia kwamba hata lile lililopandwa kwa kamba halijafunga kwa kipimo cha watafiti, ingawa ukilitazama kutoka barabarani huoni ardhi hata kidogo. Jicho hudanganywa kwa sababu huangalia shamba kwa ubavu, na kwa ubavu hata majani machache yanafunika. Jua la mchana linashuka wima. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, kwa miezi mingi linapita karibu na utosi, na ndiyo maana hata mjadala wa kupanga mistari mashariki-magharibi au kaskazini-kusini hauna uzito mkubwa huku kama ulio nao nchi za mbali na ikweta.

Kuna jambo hesabu hiyo inalificha, nalo linazidi kulibana shamba la hatua. Inachukulia kwamba majani yametawanyika sawasawa. Miche mitatu ikitoka shimo moja, majani yake yanagombania nafasi ile ile na kutiana kivuli, huku kati ya shimo na shimo pakiwa wazi. Kwa hiyo mwanga unaokamatwa huwa chini ya ule ulioandikwa kwenye karatasi. Mimea 44,000 kwa hekta inaweza kupatikana kwa kupanda mmoja mmoja kila sentimita 30, au wawili wawili kila sentimita 60. Idadi ni moja, ila njia ya kwanza inawahi kufunika ardhi. Ya pili inapunguza kazi ya kuchimba mashimo, na kwa mwenye jembe la mkono hiyo si sababu ndogo. Anayeichagua ajue tu kwamba kazi aliyookoa siku ya kupanda anaweza kuidaiwa siku ya palizi.

Tofauti kati ya 80 na 55 ina thamani gani kwa magunia? Mwingereza mwingine, John Monteith, alionyesha mwaka 1977 kwamba uzito mkavu wa zao lililostawi huongezeka sambamba na mwanga lililoukamata. Kwa mahindi yasiyo na kiu wala njaa, megajuli moja ya ule mwanga ambao majani yanaweza kuutumia huzaa takriban gramu 3 za uzito mkavu, na pengine zaidi kidogo. Msimu wa mvua wenye mawingu ya kiasi, mita moja ya mraba hupokea kama megajuli 8 za mwanga huo kwa siku. Shamba linalokamata 80 kati ya 100 linajenga gramu 19 kwa mita ya mraba kila siku. Linalokamata 55 linajenga 13. Gramu sita zinaonekana si kitu. Kwa ekari nzima ni kilo 24 kwa siku, na kwa siku 30 zinazozunguka utoaji wa mbelewele na nywele, wakati idadi ya punje inapoamuliwa, ni kilo 720. Takriban nusu ya uzito huo huishia kwenye punje. Ni magunia matatu na nusu ya kilo 100, yaliyopigwa na jua na kuishia udongoni au kwenye magugu, kwenye ekari moja, kwa mwezi mmoja.

Hesabu hiyo ni ya shamba lenye maji na mbolea, na nitarudi hapo, maana ndipo penye ubishi wa kweli.

Kabla ya hapo, njia ya kujipimia mwenyewe. Chukua ufito mnyoofu au mwanzi wa mita tatu, uuwekee alama kila sentimita 10. Siku ya jua kali, kati ya saa tano na nusu na saa saba na nusu mchana, ulaze chini mshazari ukivuka mistari, uhesabu alama zilizoangukiwa na jua. Kati ya alama 30, ukipata sita zenye jua, ardhi yako inapata moja ya tano ya mwanga na mahindi yanakamata iliyobaki. Rudia sehemu kadhaa za shamba, pamoja na zile usizopenda kuzionyesha wageni, uchukue wastani. Siku ya mawingu njia hii haifai kwa sababu vivuli havina mipaka. Wataalamu wana vyombo vya bei kubwa vya kupimia mwanga juu na chini ya majani, lakini vingi hufanya kazi hiyo hiyo ya ufito, kwa usahihi zaidi na haraka zaidi.

Ukipima kila wiki utagundua kwamba suala kubwa si fahirisi ya mwisho pekee. Ni siku shamba linapofika huko. Kwenye maeneo ya joto, hindi la wiki tatu lina majani madogo kiasi kwamba fahirisi haifiki hata 0.2, na karibu mwanga wote unapiga udongo. Wiki ya tano ni kama 0.8, na 62 kati ya 100 bado zinafika chini. Kati ya wiki ya tano na ya nane majani yanaongezeka kwa kasi na mistari inagusana. Nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe, safari hiyo inachukua muda mrefu zaidi. Kila siku inayokatwa hapo katikati ni siku ya mwanga iliyookolewa, na gugu limenyang'anywa.

Gugu lina haraka kuliko hindi. Mbegu ndogo ndogo za magugu mengi, mchicha pori ukiwemo, zina uwezo wa kuhisi mwanga. Ndani yake mna protini iitwayo fitokromu, na hiyo hutofautisha mwanga mwekundu wa kawaida na mwekundu wa mbali ambao jicho la mtu haulioni vizuri. Jani la kijani hunywa mwekundu wa kawaida na kuachia ule wa mbali upite. Kwa hiyo chini ya majani hakuna giza tu: rangi ya mwanga wenyewe imebadilika, na mbegu iliyo juu ya udongo inapata habari kwamba huko juu pamejaa. Nyingi hubaki zimelala. Hapo ndipo kufunga kwa shamba kunapofanya kazi ambayo jembe haliwezi, kwa sababu jembe lenyewe likigeuza udongo huleta mbegu mpya juu na kuzionyesha mwanga kwa kitambo, na kitambo hicho kinatosha kuziamsha. Wakulima wanalijua hilo bila fitokromu: wiki mbili baada ya palizi ya kwanza shamba linakuwa kijani tena.

Magugu yaliyoota baada ya mistari kugusana huwa membamba, yamepauka, na hayana nguvu ya kuiba maji mengi. Utafiti wa mahindi sehemu nyingi za dunia unaonyesha kwamba kipindi ambacho gugu hukata mavuno kwa kiasi kikubwa ni kati ya wiki ya tatu na ya saba hivi. Likikaa safi katika kipindi hicho, yanayokuja baadaye hayapunguzi sana mavuno. Mwisho wa kipindi hicho hauwekwi na kalenda. Unawekwa na majani. Kwenye shamba linalofunga mapema, palizi ya pili ndiyo ya mwisho. Kwenye shamba la hatua, ambalo hata kwenye kilele chake linaachia karibu nusu ya mwanga, utaitwa kwa ya tatu, na pengine ndiyo ile unayoikosea muda kwa sababu umekwenda kulima kibarua ili upate fedha.

Kivuli hakichukui nafasi ya palizi ya kwanza. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimesikia watu wakisema panda kwa kubana, magugu yatakufa yenyewe. Gugu lililoota pamoja na hindi na kuachwa wiki nne litakuwa juu ya hindi siku ya kufunga, na hapo kivuli ni chake. Wala magugu yote hayaogopi kivuli kwa kiwango kimoja. Ndago hudhoofika sana chini ya majani, ila vitunguu vyake vya ardhini vinangoja msimu ujao bila haraka. Lile gugu laini linalotambaa, lenye maua madogo ya buluu, linaishi vizuri kivulini, na kipande chake kilichokatwa na jembe kikiachwa kwenye udongo wenye unyevu kinaota upya. Na kiduha hakisumbuliwi kabisa na hesabu zetu: mbegu yake huamshwa na kemikali kutoka mizizi ya hindi, huko gizani ardhini, na kinapochomoza juu na maua yake ya zambarau kimekwisha kunyonya wiki kadhaa. Mwenye kiduha ana kazi nyingine ya kufanya.

Lipo jibu la zamani kwa zile wiki ambazo hindi bado dogo, nalo ni maharage. Tuchukue wiki ya tano. Mahindi peke yake, fahirisi 0.8, yanaachia 62 kati ya 100 zifike chini. Katikati ya mistari kukiwa na maharage yaliyopandwa siku moja na mahindi, wiki hiyo yanaweza kuwa na fahirisi ya 1.2. Yanapokea zile 62 na kuachia zisizofika 40 katika kila 100 za hizo. Zinazofika ardhini ni 24. Wiki hiyo hiyo gugu la shamba la mahindi matupu linapata mwanga zaidi ya mara mbili na nusu ya gugu la shamba lenye mchanganyiko. Kwa miaka mingi wataalamu waliofundishwa kwa mfano wa mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani waliwakataza wakulima kuchanganya, wakiuona kuwa uvivu wa kupanga. Kwa upande wa mwanga, mama aliyechanganya alikuwa anafunga shamba lake wiki mbili tatu kabla ya jirani.

Kuna gharama. Maharage ya chini yanazaa pungufu ya yale yanayopandwa peke yake, kwa sababu mahindi yakishakua yanayaachia makombo ya mwanga. Ndiyo sababu mbegu za maharage zinazowahi hufaa zaidi hapa: zimekwisha kutoa maua na kujaza mapodo kabla kivuli hakijawa kizito. Kunde na maboga hufanya kazi inayofanana, boga kwa majani yake mapana hasa, ila kupita katikati yake na jembe baada ya wiki ya nne ni kuharibu mashina, kwa hiyo palizi ya kwanza lazima iwe nzuri.

Kwa nini basi tusibanishe tu mahindi hadi yafikie fahirisi ya 5? Marekani wamefanya hivyo. Wanapanda mimea zaidi ya 75,000 kwa hekta, zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wakipanda kabla ya chotara. Lakini waliibadilisha mimea yenyewe. Chotara zao za sasa zina majani ya juu yaliyosimama, yanayoruhusu mwanga uteremke hadi kwenye majani ya chini, na zimechaguliwa kwa vizazi vingi kwa uwezo wa kuzaa gunzi zikiwa zimebanwa. Mbegu nyingi za kwetu, na hasa zile za kienyeji zenye majani mapana yanayoinama, hazikupitia mchujo huo. Zikibanwa, fitokromu ile ile inazipa habari kwamba jirani yuko karibu, nazo zinarefuka kutafuta jua, bua linakuwa jembamba, upepo wa kwanza unalaza shamba. Dalili ya mapema ipo kwenye maua. Hindi lenye nafasi ya kutosha hutoa nywele siku moja mpaka tatu baada ya mbelewele kuanza kumwaga vumbi. Nywele zikichelewa zaidi ya siku tano, mmea umebanwa au una kiu, na utaona magunzi yenye mapengo au mabua yasiyo na gunzi kabisa. Mtu akikuta mabua matupu mengi katikati ya shamba na magunzi mazuri pembezoni, amepanda kwa wingi kuliko ardhi yake inavyoweza kulisha.

Hapo tumefika kwenye mbolea. Kwa shamba lenye njaa ya naitrojeni, lile jani la sentimita za mraba 500 halipo. Mmea unatoa majani membamba na mafupi, ya chini yanageuka njano kuanzia ncha kwenda kati na kukauka mapema, na jumla yake inaweza kuwa 0.35 ya mita ya mraba. Panda kwa kamba, kwa vipimo vyote sahihi, mimea 44,000 kwa hekta: fahirisi haifiki 1.6, na unakamata 61 kati ya 100. Umefanya kazi yote ya kupanda kitaalamu, na mwanga unaoukamata unaushinda wa shamba la hatua lenye rutuba kwa kiasi kidogo tu. Mbolea ya kukuzia ikichelewa hadi mbelewele zitoke, haiwezi tena kulirefusha jani lililokwisha kukunjuka. Inaweza kuchelewesha unjano na kuijaza punje kidogo. Majani hujengwa kati ya wiki ya tatu na ya nane, kwa hiyo mwenye mfuko mmoja wa yurea kwa ekari atapata faida kubwa zaidi akiuweka mahindi yakiwa kimo cha goti, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu.

Na maji. Shamba lililofunga, siku ya jua, hupumua nje kupitia majani kama lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba. Ni lita 20,000 kwa ekari kwa siku. Mahali ambapo mvua ni ya kutegemewa, hilo si tatizo, kwa kuwa maji yasiyopita kwenye jani yangeondoka kwa udongo au gugu. Lakini Dodoma au Singida, mahali ambapo mvua inaweza kukata wiki tatu katikati ya msimu, shamba lililofunga mapema linamaliza akiba ya udongo kabla ya punje kujaa. Anayepanda uwele au mtama kwa nafasi kubwa huko hapotezi jua kwa ujinga. Jua analo la kumwaga, anachokihesabu ni maji. Ushauri wa sentimita 75 kwa 30 ukipelekwa huko bila kubadilishwa, unaweza kuleta shamba zuri mwezi wa pili na mabua matupu mwezi wa nne.

Jambo ambalo ni rahisi kulirekebisha popote ni mapengo. Mbegu zisipoota mahali, au panya wakifukua, wengi hurudishia mahindi siku kumi au kumi na mbili baadaye. Mche huo hauwahi tena. Majirani zake wanamzidi majani mawili matatu, wanaufunika kabla haujajenga bua, na mwishowe unakula mbolea na maji bila kuzaa gunzi, kazi ile ile ya gugu. Ikiwa zimekwisha kupita siku zaidi ya saba tangu wengine waote, ni afadhali pengo lijazwe maharage au kunde. Zinavumilia kivuli kidogo, zinafunika ardhi haraka, na kitu kinavunwa.

Maharage yakishang'olewa, wiki ya kumi na moja au kumi na mbili, ardhi inafunguka tena ghafla, na mahindi nayo yanaanza kukauka kutoka chini. Mwanga unarudi udongoni, na magugu yaliyokuwa yamelala yanaota kwa wingi. Mavuno ya mwaka huo hayadhuriwi, kwa sababu punje zimekwisha kujaa au zinakaribia. Ila mchicha pori mmoja ukiachwa ukomae unamwaga mbegu kwa maelfu, na nyingi zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mwanga. Kwenye mashamba madogo, kuzunguka mara moja wakati huo na kung'oa kwa mkono yale yaliyokwisha kutoa maua, kabla mbegu hazijakauka, ni kazi ya asubuhi chache tu, nayo ndiyo inayopunguza palizi ya kwanza ya msimu unaofuata.